Desemba imejaa: namna ya kumwandikia mteja na kumpa tarehe ya Januari itakayosimama

Mwongozo huu ni wa fundi cherehani wa Moshi au Arusha, mwenye daftari lililojaa, ambaye mteja wake wa siku zote amemwandikia kuomba nguo za ziada kabla ya sikukuu. Kila mwaka hali ni ileile. Kuanzia mwanzoni mwa Desemba watu wanaanza kurudi nyumbani Kilimanjaro, harusi na ubatizo vinapangwa wiki mojamoja, na anayetaka nguo mpya anaitaka kwa tarehe ileile anayoitaka jirani yake. Anayepata hasara mwezi huo mara nyingi ni fundi aliyejibu "lete tu, tutaangalia", na mteja aliyemwamini.

Tutachukua mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho. Fundi ana kibanda karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, na cherehani moja ya kukanyaga na ovaloki ya umeme. Ni Jumatatu tarehe 7 Desemba 2026. Mama mmoja, ambaye tayari ana oda ya nguo 3 za familia yake, anaandika: "Fundi, kikoba chetu tumeamua kushona sare. Gauni 6 za kitenge. Tunavunja kikoba Jumapili tarehe 20, tungependa tuvae siku hiyo. Nakuletea kitenge kesho."

Kwanza fungua daftari, na uhesabu saa

Usiandike neno lolote la kukubali au kukataa kabla ya hesabu hii. Inachukua dakika kumi tu.

Kosa la kawaida ni kuhesabu nguo. Ukisema "nina nguo kumi na mbili, nikiongeza sita si nyingi", umeweka shati na gauni la bitana kwenye mzani mmoja. Kinachokwisha Desemba ni saa za kukaa kwenye cherehani. Kibanda kikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, hizo ni saa 10, lakini za kushona kweli hazifiki 10. Kuna kupima wateja, kwenda kutafuta uzi wa rangi inayolingana, kula, kumjibu anayepita kuulizia nguo yake. Kwa fundi wa mfano wetu zinabaki saa 7. Fundi mwingine atapata 6, na mwenye msaidizi mzuri atapata zaidi. Jipime siku mbili au tatu za kawaida ujue yako, kwa sababu kila tarehe utakayoitaja itategemea namba hiyo.

Kutoka Jumanne tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 18, ukitoa Jumapili, kuna siku 10 za kazi, ikiwemo tarehe 9 ya Uhuru kama kibanda kitafunguliwa. Siku 10 kwa saa 7 ni saa 70. Jumamosi tarehe 19 haihesabiwi, maana ndiyo siku ya wateja kuchukua nguo zao, na siku hiyo cherehani hugeuka kuwa ya kupunguza kiuno na kushusha pindo tu.

Upande wa pili ni kazi iliyokwisha kubaliwa. Gauni la kitenge lenye bitana na zipu humchukua fundi huyu saa 5: kukata dakika 45, kushona saa 2 na nusu, bitana na zipu saa 1, ovaloki na pasi dakika 45. Shati lenye kola ni saa 4. Daftarini amebakiwa na gauni 7, yaani saa 35, mashati 5, yaani saa 20, na marekebisho madogomadogo ya saa 8. Jumla ni saa 63. Zimebaki saa 7, sawa na siku moja.

Hiyo siku moja si nafasi ya kuuza. Ndiyo itakayomezwa umeme ukikatika. Cherehani ya kukanyaga itaendelea, lakini ovaloki na pasi ya umeme vitasimama, na nguo zitarundikana zikiwa hazijamaliziwa. Gauni 6 za kikoba ni saa 30. Hata bila umeme kukatika, haziingii.

Hesabu ikitoka hivi, jibu limeshapatikana. Kinachobaki ni kutafuta tarehe na kuandika.

Uliza swali moja kabla ya kutoa tarehe

Tarehe ya mbele ina maana pale tu nguo itakapokuwa bado na kazi siku hiyo. Gauni la bibi harusi likiwa tayari wiki moja baada ya harusi si msaada kwa mtu yeyote, na kumtajia mteja tarehe hiyo kunamfanya aone kwamba hukumsikiliza. Kwa hiyo mwandikie swali fupi:

> Shikamoo mama. Nimepata ujumbe wako wa gauni 6 za kikoba. Kabla sijakujibu, naomba kujua: zaidi ya tarehe 20 Desemba, kuna siku nyingine ya karibu ambayo mngezivaa pamoja?

Swali hili halina ahadi ndani yake. Halisemi "nitaangalia", halisemi "inawezekana". Linaomba habari tu. Mama anajibu kwamba kikao cha kwanza cha mzunguko mpya ni Jumapili tarehe 31 Januari, na kwamba sare ni ya mzunguko huo hasa, ila walitamani kuianza mapema. Sasa kuna lengo la kweli la kupangia. Angejibu kwamba ni tarehe 20 au basi, ungefuata njia nyingine, ambayo iko mwishoni mwa mwongozo huu.

Chagua tarehe ya Januari kwa uangalifu uleule

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiona Desemba imejaa wanaandika "nitakushonea Januari mwanzoni" kana kwamba Januari ni tupu. Ukikaa na kalenda utaona si hivyo.

Baada ya tarehe 19, siku za Jumatatu hadi Jumatano, yaani tarehe 21 hadi 23, zinaliwa na waliochelewa kuchukua nguo na wanaotaka marekebisho. Kuanzia tarehe 24 fundi mwenyewe anapanda nyumbani, iwe Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, na kibanda kinafunguliwa Jumatatu tarehe 4 Januari 2027. Kisha shule zinafunguliwa. Wazazi huleta vitambaa vya sare siku za mwisho kabisa, na wiki mbili za kwanza za kazi, tarehe 4 hadi 16, ni za kaptula, sketi na mashati meupe. Aliyekwisha ahidi gauni za kikoba kwenye wiki hizo atakuwa anarudia kosa alilolikwepa Desemba.

Wiki ya kwanza iliyo wazi inaanza Jumatatu tarehe 18 Januari. Jumatatu hadi Ijumaa ni saa 35, na kazi ni saa 30. Kwenye karatasi inaisha Ijumaa tarehe 22. Je, umtajie mteja Jumamosi tarehe 23? Hapana. Umeme ukikatika siku moja tu zitabaki saa 28, na gauni la sita halitakuwa limekamilika. Tena gauni sita ni miili sita: hata vipimo vikichukuliwa vizuri, mmoja au wawili wataomba kifua kilegezwe au mkono ufupishwe. Tarehe ya kumtajia mteja ni ile ambayo hata ukipoteza siku mbili nzima bado unaifikia. Ongeza Jumatatu tarehe 25 na Jumanne tarehe 26 kama akiba, umtajie Jumatano tarehe 27 Januari. Kikao chao ni Jumapili tarehe 31, kwa hiyo bado kuna siku tatu katikati za kujaribu nguo na kurekebisha.

Usimwambie mteja kwamba unatarajia kumaliza tarehe 22. Akijua, tarehe 22 ndiyo atakayoikumbuka.

Andika ujumbe

Huu hapa mzima, kisha tutaupitia kipande kwa kipande.

> Asante mama kwa maelezo, na asante kwa kuniletea kazi ya kikoba chenu. Gauni hizo 6 sitaweza kuzimaliza kabla ya Jumapili tarehe 20 Desemba, kwa sababu siku zangu zote hadi tarehe 19 zimeshachukuliwa na oda zilizotangulia. Oda yako ya nguo 3 iko palepale, utaichukua Jumamosi tarehe 19.
>
> Nafasi niliyonayo inaanza Jumatatu tarehe 18 Januari. Gauni zote 6 zitakuwa tayari Jumatano tarehe 27 Januari, kuanzia saa 8 mchana, kabla ya kikao chenu cha tarehe 31. Ili nikushikie nafasi hiyo nitahitaji kitenge, advansi ya nusu, na wote 6 wawe wamepimwa, mwisho Jumamosi tarehe 9 Januari.
>
> Nikuandikie kwenye daftari?

Salamu imekwisha kutolewa kwenye ujumbe wa swali, ndiyo maana huu unaanza na asante. Kama ungekuwa wa kwanza siku hiyo, ungeanza na shikamoo kwa mama wa umri huu, au "habari za leo dada" kwa mwenzako wa rika moja. Mtu aliyekuzidi umri akipokea kukataliwa bila salamu, ataona amejibiwa kijeuri hata kama maneno yanayofuata ni matamu. Salamu moja inatosha. Ukiuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za mvua kabla ya kufika kwenye jambo, msomaji anahisi kuna kitu kibaya kinakuja na anaanza kujitayarisha kubishana.

Sentensi ya kukataa imeandikwa "sitaweza kuzimaliza kabla ya Jumapili tarehe 20". Angalia kila neno lilipo. "Siwezi" peke yake inasikika kama ujuzi umekushinda au hutaki. "Haiwezekani" inafunga mlango kwa nguvu, na mteja ataanza kukuonyesha kwamba inawezekana. "Sitaweza kuzimaliza kabla ya" inaweka kizuizi kwenye tarehe, mahali kilipo kweli, na kwa hiyo inaandaa njia kwa tarehe nyingine. Nayo imekuja mapema, sentensi ya pili. Mtu anayesoma simu akiwa kwenye daladala ya kwenda Kiboriloni asome mstari wa tatu akiwa ameshajua jibu.

Sababu ni moja, na ni fupi: siku zimechukuliwa na oda zilizotangulia. Haina haja ya kutaja kwamba ovaloki inasumbua, msaidizi anaumwa na bei ya uzi imepanda. Kila sababu unayoiongeza inampa mteja kitu cha kukutatulia. Atakuambia ana ndugu mwenye ovaloki. Oda zilizotangulia hakuna anayeweza kuzitatua, na ni haki ambayo yeye mwenyewe anaielewa, kwani nguo zake 3 ni miongoni mwa hizo. Ndiyo maana sentensi inayohusu oda yake ya mwanzo imewekwa hapo. Bila hiyo, wasiwasi wake wa kwanza ungekuwa kama hata zile tatu zipo salama, na angepiga simu kuuliza.

Tarehe zote zina jina la siku, namba na mwezi. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku "Jumamosi ijayo" ikisemwa Jumatatu huyu ataelewa ya wiki hii na yule ya wiki inayofuata. "Mwisho wa mwezi" kwa fundi ni tarehe 30, kwa mfanyakazi ni siku ya mshahara. "Mwezi wa kwanza" bila tarehe kunamfanya mama aje tarehe 4 asubuhi. Jina la siku likienda pamoja na namba, kosa lako la kalenda linaonekana mara moja, kwa sababu vitu viwili havitalingana na mteja atauliza.

Saa nayo iandikwe na sehemu yake ya siku: saa 8 mchana, si "saa 8" wala "14:00". Kuna wateja wengi, hasa wa maofisini na wa utalii huko Arusha, wanaopanga siku yao kwa saa za kwenye simu, na "saa 10" pekee kwa mmoja ni asubuhi na kwa mwingine ni jioni.

Masharti yanafuata tarehe moja kwa moja, na yana siku yake ya mwisho. Tarehe ya mbele isiyo na sharti ni mali ya mteja bila yeye kutoa chochote: utaiacha wazi, utamkataza mwingine, kisha tarehe 18 asubuhi kitenge hakijaja. Usikubali vipimo vya kutumiwa kwa meseji vilivyochukuliwa na mtu mwingine nyumbani, na uliseme hilo sasa kwa maneno mepesi, "wote 6 wawe wamepimwa". Gauni lenye bitana halisamehe sentimita tatu za kifua.

Mwisho ni swali la kujibiwa kwa neno moja. "Karibu sana" au "tutawasiliana" ni maneno mazuri, lakini yanaacha mambo hewani, na kimya cha mteja huwezi kujua ni ndiyo au hapana.

Maneno yanayogeuka ahadi

Kuna maneno ya upole ambayo kwa mwandishi ni ya kukwepa na kwa msomaji ni ya kukubali. "Nitajaribu" ndilo baya kuliko yote. Fundi anamaanisha "usitegemee", mteja anasikia "amekubali". "Nitajitahidi" ni hivyohivyo. "Labda nikipata nafasi" inamfanya apite kila jioni kuulizia. "Kwa sasa nimebanwa" inamfanya akuandikie tena kesho, kwa kuwa "sasa" imeshapita. Yote haya yaondoe.

"Mungu akipenda" ni jambo jingine. Kwa watu wetu ni neno la imani na adabu, na hakuna haja ya kulikwepa. Liweke baada ya tarehe: "Jumatano tarehe 27 Januari, Mungu akipenda." Lisichukue nafasi ya tarehe. "Januari Mungu akipenda utazipata" ni sentensi ambayo mteja hawezi kuiandika popote.

Samahani nayo ina kipimo. Hujamkosea mtu kwa kuwa na kazi. Ukitaka kuiweka, moja inatosha, karibu na sentensi ya kukataa. Ujumbe wenye samahani nne unasomeka kama wa mtu mwenye hatia, na mwenye hatia anadaiwa fidia.

Namna ya kuutuma

Jibu siku ileile aliyokuandikia. Akiwa amesema "nakuletea kitenge kesho", una hadi usiku huo. Kitenge kikishawekwa juu ya meza yako kukataa kunakuwa kigumu mara tatu, na wengi hukubali kwa sababu tu mzigo umefika.

Tuma maandishi, si sauti. Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa salamu, lakini mteja hawezi kuurudia kutafuta tarehe bila kuusikiliza wote, na mama huyu atahitaji kuwaonyesha wenzake watano ulichosema. Kwa mtu mzima ambaye maandishi yatamvunja moyo, mpigie kwanza, mwambie yaleyale kwa mdomo, kisha mtumie maandishi ukianza na "Kama tulivyoongea mama". Usimjibu kwenye grupu la kikoba hata kama aliandika huko. Mwandikie yeye pembeni, awape wenzake habari mwenyewe.

Akirudi kukusihi

Atarudi. Si utovu wa adabu, ndivyo tunavyoishi, kusihiana ni sehemu ya mazungumzo. Kitu cha kushika ni kimoja: sababu ileile, tarehe ileile, kwa maneno machache zaidi kuliko mwanzo. Ukitoa sababu mpya utaonekana uliificha ya kwanza.

Akisema "jitahidi fundi wangu, mimi si mgeni kwako":

> Ni kweli mama, wewe ni wa hapa, ndiyo maana sitaki kukupa tarehe itakayokuangusha mbele ya wenzako. Jumatano tarehe 27 Januari nina uhakika nayo.

Akisema "tutaongeza hela", fikiri vizuri kabla ya kujibu. Pesa haiongezi saa kwenye siku 10 zile. Itaongeza saa pale tu ikimlipa fundi wa pili mwenye cherehani yake, unayemjua mkono wake, na aliye na nafasi, mtu ambaye Desemba ni vigumu kumpata. Vinginevyo pesa hiyo inanunua saa za mteja mwingine aliyelipa advansi mwezi uliopita. Mjibu: "Nashukuru mama, lakini bei si tatizo. Saa zilizobaki ni za watu waliotangulia, na wewe mmoja wao."

Linaloangusha wengi ni "basi shona hata mbili tu, ya mwenyekiti na ya mweka hazina". Inasikika ndogo. Rudi kwenye hesabu: mbili ni saa 10, na akiba yako yote ni saa 7. Hata moja, saa 5, inakuacha na saa 2 za kuzuia matatizo ya siku 10. Kisha kuna jambo ambalo halipo kwenye hesabu: gauni mbili zikionekana tarehe 20, wanne waliobaki watauliza kwa nini si wao. Mwambie sare itapendeza zaidi ikivaliwa na wote sita siku moja, tarehe 31. Hapa unamwambia ukweli ambao yeye kama mwanakikundi ataupima haraka kuliko wewe.

Na akisema "anza basi kukata, tutaona", kataa hata kupokea kitenge kabla ya tarehe mliyokubaliana. Kitambaa kilicholala kibandani wakati wa sikukuu kinachanganyika na vingine, na kila akikiona atajua kazi imeanza.

Akikubali

Andika kwenye daftari muda huohuo, kwenye ukurasa wa Januari, si kwenye ukurasa wa Desemba alipoomba. Weka mistari miwili: tarehe 9, "kikoba, kitenge, advansi, vipimo 6", na tarehe 18 hadi 27, "gauni 6, kikoba, kuchukua J'tano 27 saa 8 mchana". Halafu mrudishie mteja mstari huo kwenye simu, naye awe nao.

Alhamisi tarehe 7 Januari, siku mbili kabla ya mwisho wa kushika nafasi, tuma kikumbusho:

> Heri ya mwaka mpya mama. Nakumbusha gauni 6 za kikoba: kitenge, advansi na vipimo mwisho Jumamosi hii tarehe 9 Januari. Kibanda kiko wazi saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Kama tarehe 9 imepita na wamekuja wanne tu, usianze na wanne ukitumaini. Mwandikie kwamba wanne waliopimwa watapata tarehe 27, na wawili watapewa tarehe yao wakishapimwa. Kama hakuna aliyekuja kabisa, mjulishe Jumatatu tarehe 11 kwamba nafasi ya wiki ya tarehe 18 umeifungua kwa wengine, na kwamba wakiwa tayari utaangalia wiki inayofuata. Ulimwambia mapema, kwa hiyo halitakuwa jambo geni kwake.

Kama nguo ni ya siku moja tu

Ubatizo wa tarehe 27 Desemba hauna kikao cha Januari. Mteja akijibu swali lako kwamba ni siku hiyo au basi, usimtajie tarehe yoyote ya mbele. Zawadi unayoweza kumpa ni muda wa kutafuta kwingine, na muda huo unapungua kila siku unayochelewa kujibu. Ukitaka kumwelekeza kwa fundi mwenzako, mpigie mwenzako kwanza umuulize kama ana nafasi na kama anakubali utoe namba yake, kwa sababu kumtuma mteja kwenye kibanda kingine kilichojaa ni kumpotezea siku ya pili. Ujumbe wenyewe ni huu:

> Shikamoo mama. Nimepata ujumbe wako wa gauni la ubatizo wa tarehe 27 Desemba. Samahani, sitaweza kulimaliza kabla ya siku hiyo, siku zangu zote zimeshachukuliwa na oda zilizotangulia. Nimekujibu leo hii ili upate muda wa kutafuta. Nimeongea na fundi mwenzangu wa Majengo, anaweza kupokea gauni moja ukilipeleka kabla ya Alhamisi tarehe 10. Nikutumie namba yake?